Ratiba Isiyolijua Jua

Karatasi ya ratiba ya safari hubandikwa ubaoni juma moja kabla ya basi kuondoka, nawe msomaji bila shaka umepata kusimama mbele yake ukasoma. Juu pana jina la shule, chini pana sahihi ya mwalimu, na katikati pana safu mbili, moja ya saa na moja ya shughuli. Mimi nasema kuwa nyingi za karatasi hizo ni mbovu, na ubovu wake si wa mwandiko wala wa fedha. Zimeandikwa na watu waliotazama saa ya ukutani wakasahau kulitazama jua, na katika pwani yetu jua ndilo lenye kuamua kazi gani ifanywe na wakati gani.

Ninayo mbele yangu ratiba moja ya namna hiyo. Ilitungwa na shule moja ya milimani, upande wa Nyeri, ambayo jina lake halina haja kutajwa. Wanafunzi 44 na walimu 4 walikwenda Mombasa katika juma la pili la mwezi wa Machi, na miongoni mwa walimu hao nalikuwamo mimi, niliyealikwa kusindikiza tu. Siku ya kwanza ilikwisha njiani. Siku ya pili iliandikwa hivi: kuamka saa moja, chai saa mbili, kuondoka saa tatu. Saa tatu na nusu hadi saa tano na nusu, Ngome ya Yesu. Saa tano na nusu hadi saa saba, kutembea Mji wa Kale. Saa saba chakula, na kuanzia saa nane hadi saa kumi, kuogelea ufuoni. Baada ya saa kumi, kurudi mabwenini na kupumzika.

Ukiisoma haraka utaiona kuwa ratiba nzuri. Kila shughuli ina saa yake, wala hakuna dakika iliyopotea. Lakini hebu tuiweke chini ya jua la mwezi huo, tuone inavyosimama.

Jua halikai mahali pamoja mwaka mzima. Kuanzia Desemba husafiri polepole kutoka kusini kwenda kaskazini, na Mombasa iko kiasi cha nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya mji huo mara mbili kwa mwaka, mara moja yapata tarehe 10 Machi, na mara ya pili mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo mti uliosimama wima hauna kivuli wakati wa adhuhuri. Nayo adhuhuri yenyewe haiji saa sita kamili. Saa yetu ya Kenya imefuatishwa na mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao haugusi nchi yetu hata kidogo, maana unapita mbali upande wa Somalia. Mombasa iko magharibi ya mstari huo kwa zaidi ya nyuzi 5, na jua huhitaji dakika 4 kuvuka kila nyuzi moja. Ukiongeza na kuchelewa kwa jua kunakotokea kila mwaka katika miezi ya Februari na Machi, utaona kuwa katika juma lile jua la utosi hufika saa sita na nusu.

Na ubaya wa jua huanza mapema kuliko utosi. Jua likiwa chini karibu na upeo wa macho, mwanga wake huja kwa mshazari na kupita katika hewa nyingi kabla ya kutufikia. Hewa hiyo huchuja sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, yaani ule mwanga usioonekana ambao huunguza ngozi na kudhuru macho. Jua likipanda, njia hiyo hufupika, na miale inayoshuka huwa mingi zaidi. Kipimo chake hakihitaji chombo. Simama mahali pa wazi ukitazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua bado ni pole. Kikiwa sawa nawe, jua limefika nusu ya njia ya kupanda, nyuzi 45 kutoka upeoni. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ondoka mahali pa wazi.

Wewe unayesoma hesabu waweza kuzijua saa hizo ukiwa Nyeri, kabla hujaiona bahari. Jua huenda nyuzi 15 kila saa moja. Kutoka nyuzi 45 hadi utosini ni saa tatu, na kutoka utosini kushuka hadi nyuzi 45 ni saa tatu nyingine. Utosi ukiwa saa sita na nusu, basi kivuli hufupika kuliko mtu kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Sasa irudie ile ratiba. Ngome inaanza saa tatu na nusu. Ufuo unakwisha saa kumi. Mwenye kuitunga alizitafuta saa sita zilizo mbaya kuliko zote katika siku, akazijaza shughuli za nje, akaacha tu saa moja ya chakula. Na zile saa tatu za asubuhi, tangu jua linapochomoza saa kumi na mbili na nusu, alizitoa kwa usingizi na chai. Adui angaliombwa kuwapangia watoto wetu safari, asingalifanya zaidi ya hayo.

Hata mpangilio wa mahali umekwenda kinyume. Mji wa Kale wa Mombasa ulijengwa na watu walioelewa jua. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba zake ni ndefu, na asubuhi na jioni daima upo upande mmoja wenye kivuli ambapo wazee huketi barazani. Lakini jua likiwa utosini, nyumba haina kivuli cha kumpa mpita njia. Kichochoro huwa mfereji wa joto, nacho ukuta uliopigwa na jua hurudisha joto lile usoni. Ratiba yetu iliwatia watoto humo kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba, saa ambazo wenyeji wengi wa mji huo wamo ndani, na maduka mengi yamefungwa mpaka alasiri. Wanafunzi waliandika katika daftari zao kuwa Mji wa Kale hauna watu. Kumbe watu wapo, ila wao wana akili ya kukaa ndani.

Nilikuwa nikiyaona hayo tangu asubuhi ya siku ile, na nilimwuliza mwenye ratiba kama hatuwezi kuanza mapema. Akanijibu, "Mwalimu mwenzangu, hawa wamekuja kustarehe, hawakuja jeshini." Ilipofika saa tano na robo, tukiwa katika ua wa ngome, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu alikaa chini, kisha akalala ubavu. Uso ulikuwa umejaa jasho, na rangi yake imefifia. Mwalimu mmoja alisema ni njaa, mwingine akatuma soda. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza leso nje ya lango alikuja akamtazama, akasema, "Mwalimu, mtoto huyu hana njaa, ameingiwa na jua. Mtoeni hapa juani." Tukambeba mpaka ndani ya ujia wenye paa. Yule mama alilowesha leso mbili kwa maji, akamfunika shingo na kifua, akampepea kwa kipande cha boksi. "Ahsante, mama," nikamwambia. Akajibu, "Si kitu, baba. Nyinyi watu wa baridi huja hapa kila mwezi wa tatu mkaangushana."

Msichana alipopata nafuu tulimwuliza amekunywa nini tangu kuamka. Alikunywa kikombe kimoja cha chai. Chupa yake ya maji, yenye ujazo wa nusu lita, ilikuwa imejaa vile vile alivyopewa. Kwa nini hukunywa? Akanyamaza, na rafiki yake akajibu kwa niaba yake kuwa jana basi lilikataa kusimama njiani, na wasichana wote walikubaliana wasinywe maji mpaka warudi mabwenini, ili wasiaibike.

Nakuomba msomaji ukae na jibu hilo kidogo. Sisi walimu hupenda kusema kuwa watoto hawanywi maji kwa sababu ya upumbavu. Wasichana wale hawakuwa wapumbavu. Walipiga hesabu sahihi wakaona kuwa katika ratiba yote, tangu saa tatu hadi saa kumi, hakuna mahali palipoandikwa choo. Ratiba inayosema "kunyweni maji" pasipo kusema wapi na lini watu watajisaidia ni ratiba inayokataza maji kwa siri. Na kazi ya mpangaji ni kuandika vituo hivyo kwa saa zake, waziwazi, kama anavyoandika chakula.

Maji yenyewe ni kiasi gani? Mtu anayetembea polepole katika joto la pwani hufanya vema akinywa glasi moja ndogo, kiasi cha robo lita, kila nusu saa, bila kungoja kiu ikamshika. Akikimbia au akicheza mpira, huhitaji zaidi. Katika saa tano au sita za shughuli hiyo ni karibu lita 3. Kwa watu 48 ni lita 144, nayo ni mitungi 8 ya lita 20, mmoja wao ukibaki na akiba. Shule ile ilichukua chupa 48 za nusu lita, yaani lita 24 kwa siku nzima, na aliyenunua alijisifu kuwa hakumsahau mtu hata mmoja.

Lakini usije ukadhani kuwa maji ni dawa isiyo na mpaka. Mtu akijilazimisha kunywa zaidi ya lita moja na nusu kwa saa moja, tena maji matupu, huweza kuizimua chumvi iliyo katika damu yake, akaumwa kichwa, akatapika, na hatimaye akazirai. Na mtu asiyejua humwongezea maji mengine akidhani ni kiu. Chakula cha kawaida chenye chumvi hurudisha kilichotoka kwa jasho. Dafu nalo ni kinywaji kizuri sana, walakini lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, kwa hiyo lifuatane na chakula, lisikae mahali pake. Kipimo cha kila mtu anacho mwenyewe: mkojo wa rangi ya majani makavu, mwepesi, ni dalili njema, ukiwa mzito kama chai ya rangi, amechelewa kunywa.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo mtu wa milimani hayajui, nayo ndiyo yaliyomwangusha msichana wetu. La kwanza ni unyevu. Jasho halipozi mwili kwa kutoka. Hupoza kwa kukauka juu ya ngozi, maana katika kukauka kwake huondoka na joto. Nyeri hewa ni kavu kuliko ya pwani, na jasho hukauka kabla hujaliona. Mombasa hewa imejaa mvuke wa bahari, jasho halipati pa kwenda, linachuruzika likaanguka chini na kuliacha joto lote mwilini. Hivyo mtu hupoteza maji mengi na kupata baridi kidogo. La pili ni mazoea. Mwili hujifunza joto. Hujifunza kutoa jasho mapema na kuhifadhi chumvi. Lakini somo hilo huchukua siku nyingi, kiasi cha juma moja hadi mawili, na wanafunzi wetu hurudi makwao siku ya nne. Kwa maneno mengine, hukaa pwani siku zile zile ambazo miili yao ni dhaifu zaidi, na ratiba yao huwa nzito zaidi ya ile ambayo mwenyeji angejipangia.

Na kwa kuwa nimetaja kuanguka, yafaa ujue kutofautisha. Aliyechoka kwa joto kama msichana yule hutoa jasho jingi, huona kizunguzungu na kichefuchefu, lakini ukimwuliza jina lake na siku ya leo hukujibu sawasawa. Huyo mweke kivulini, inua miguu yake, mloweshe, mpe maji kwa mafunda madogo. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akawa hajui yuko wapi, akayumba kama mlevi au akashikwa na mtukutiko, na mwili wake una moto mkali, hilo ni pigo la joto, na linaua. Usimtie maji kinywani, maana yaweza kumpalia. Mmwagie mwili mzima maji mengi papo hapo, mpepee bila kuacha, na gari la hospitali liitwe wakati huo huo. Kupoza kunatangulia, asingojewe daktari ndipo apozwe.

Watu hunijibu kuwa sisi ni Waafrika, na jua ni letu. Ngozi yetu nyeusi ni kinga kweli, nayo hupunguza sana kuungua. Haipunguzi joto la mwili hata chembe, wala haikingi macho, ambayo miale hiyo huyazeesha na kuyaleta karibu na mtoto wa jicho. Tena neno hilo "sisi" linasahau watu. Katika basi letu alikuwamo mvulana mwenye ualbino. Ngozi yake huungua kwa dakika chache za jua la utosi, na kila kuungua humsogeza karibu na saratani ya ngozi. Ratiba ilipofika kwenye kuogelea, aliambiwa kwa upole abaki ndani ya basi, na aliyemwambia alidhani amemtendea hisani. Sioni hisani yoyote hapo. Shikizo refu la shati, kofia yenye ukingo mpana na mafuta ya kukinga jua yanayopakwa tena kila baada ya saa mbili na baada ya kutoka majini, hivyo vyote anavihitaji. Lakini alichonyimwa siku ile ni saa tu. Ufuo ungewekwa saa kumi badala ya saa nane, naye angevaa shati lake na kofia yake, akaingia majini na wenzake.

Wengine husema kuwa bahari ina ubaridi, na kwa hiyo saa nane ndiyo saa ya kuiendea. Hapa ndipo joto na mwanga vinapotengana. Maji hupoza mwili, hilo nakiri. Lakini miale ya urujuanimno hupenya majini. Nusu mita chini ya uso wa maji ingali na nguvu kiasi cha asilimia 40 ya ile ya juu. Mchanga mweupe nao huirudisha miale sehemu fulani, na povu la mawimbi huirudisha zaidi, hivyo hata aliye chini ya mwavuli hupigwa kwa upande. Ubaridi wa maji na upepo wa baharini huondoa maumivu ambayo yangemwonya mtu, naye hukaa juani mara mbili ya muda ambao angekaa uani. Usiku ndipo mabega yanapomwambia.

Isitoshe, ufuo wetu una siri yake ya majira. Pwani ya Kenya inatazama mashariki, na minazi na mivinje iko nyuma ya mchanga, upande wa magharibi. Asubuhi vivuli vyake huanguka bara, mchana havipo, kuanzia alasiri huanza kunyooshwa juu ya mchanga kuelekea baharini, na saa kumi na moja karibu ufuo wote umetandikwa kivuli. Miti yenyewe imekwisha kuandika ratiba. Hata maji yana saa yake. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hujaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa yapata saa nne asubuhi. Kila siku ifuatayo hali hiyo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Hivyo katika siku za bamvua, anayetaka kuogelea jioni hukuta bahari imejaa mpaka mchangani. Sisi tulikwenda siku mbili baada ya mwezi mpevu, na maji yalikuwa yakijaa tangu tulipofika hadi tulipoitwa garini, tukaondoka yakiwa hayajafika juu. Lakini bamvua ina nguvu, na maji yaliyojaa ni yenye kina. Asiyejua kuogelea akomee magotini, na mwalimu asimame upande wa bahari, si upande wa gari.

Sasa nitaipanga upya siku ile ile, kwa basi lile lile, mahali pale pale. Kuamka ni saa kumi na moja na nusu. Mpishi asipike chai kubwa. Mji wenyewe una mahamri na mbaazi, na kuvila barazani ni sehemu ya safari. Saa moja kasorobo watoto wawe katika vichochoro vya Mji wa Kale, wakati milango inapofunguliwa na watu wanapokwenda kazini, na upande mmoja wa kila njia una kivuli. Saa mbili milango ya ngome hufunguliwa. Hapo watu wengi hukosea kwa kuanzia jumba la makumbusho, kwa sababu liko na paa na wanataka kusikiliza maelezo kwanza. Lianzwe lililo wazi: ua na kuta za juu, huku kuta za upande wa bahari zikiwa bado zinatupa kivuli ndani. Wareno walipoanza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, waliikusudia kwa mizinga, hawakuwafikiria wageni wa kutembea saa sita mchana. Kuta za juu hazina mti wala paa. Saa tatu na robo kila mtu ashuke aingie vyumbani kutazama vyombo na mabaki ya merikebu, mpaka saa nne na robo. Choo kiandikwe mara mbili, kabla ya kuingia ngomeni na kabla ya kutoka.

Baada ya hapo ni kurudi mabwenini. Chakula ni saa sita, kisha hakuna kitu. Narudia, hakuna kitu mpaka saa tisa. Atakaye kulala alale, atakaye kuandika shajara aandike, wanaopenda bao wacheze chini ya mwembe. Saa tisa maji na matunda, choo, na safari ya ufuoni. Saa kumi kasorobo watoto wako mchangani, na vivuli vyao vimekwisha kuwapita kwa urefu. Saa kumi na mbili kasorobo wanatoka majini, na jua bado halijatua kwa karibu saa moja, wapate kukausha nguo.

Hesabu saa. Ratiba ya kwanza ilitoa saa mbili kwa ngome, saa moja na nusu kwa mji, saa mbili kwa bahari, jumla saa tano na nusu. Ratiba hii inatoa saa moja na robo kwa mji, saa mbili na robo kwa ngome, saa mbili kwa bahari, jumla saa tano na nusu. Hakuna mahali palipofutwa, wala shilingi iliyoongezwa, isipokuwa ya mitungi ya maji.

Najua neno la mwisho la wapinzani wangu, kwa maana nimelisikia mara nyingi: dereva. Basi hukodiwa kwa siku, na dereva hataki kuamka saa kumi na moja wala kungoja mchana kutwa. Nilimwuliza dereva wetu jioni ile, tulipokuwa tukipakia mizigo. Alikuwa mtu wa Changamwe, naye alicheka. "Mwalimu," akasema, "mimi hulala kila siku kuanzia saa saba mpaka saa tisa. Leo ndiyo siku ya kwanza mwaka huu kunyimwa, na gari lenyewe limeshinda juani madirisha yamefungwa. Mngeniuliza jana, ningewaambia." Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Katika ratiba jina lake halikuwamo, lilikuwamo jina la kampuni tu.